Jaribio la kai-mraba kwa makundi mawili ya wagonjwa: mfano wa flebitisi, kuanzia jedwali hadi kusoma matokeo

Mwanafunzi wa uuguzi anayeandaa utafiti wake wa kuhitimu mara nyingi hukutana na swali la aina hii: kuna makundi mawili ya wagonjwa, kuna tukio ambalo kwa kila mgonjwa ama limetokea ama halikutokea, na anataka kujua kama tofauti aliyoiona kati ya makundi hayo inazidi ile ambayo bahati peke yake ingeweza kuileta. Jaribio la kai-mraba, ambalo Karl Pearson alilichapisha mwaka 1900, linafaa kwa swali la namna hiyo. Hesabu yake inafanyika kwa kalamu na kikokotoo cha kawaida. Wengi hukwama pale programu ya takwimu inapotoa mistari kadhaa ya majibu yenye thamani za p zisizofanana, na mwandishi akalazimika kuamua ni mstari upi unaingia kwenye ripoti. Mwongozo huu unafuata mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, na mfano huo umechaguliwa makusudi ili mistari hiyo ipingane.

Mfano wenyewe

Takwimu zinazofuata zimetungwa kwa ajili ya kufundishia, kwa hiyo zisinukuliwe kama matokeo ya utafiti. Tuchukulie kuwa wauguzi wa wodi mbili hufunga kanula za mishipani kwa njia tofauti. Katika wodi A kanula hufungwa kwa gozi na plasta ya kitambaa, na katika wodi B hufungwa kwa bandeji angavu inayomwezesha muuguzi kuona ngozi bila kuifungua. Mwanafunzi anataka kujua kama idadi ya wagonjwa wanaopata flebitisi, yaani kuvimba kwa mshipa wa vena pale kanula ilipowekwa, inatofautiana kati ya wodi hizo.

Kabla ya kuhesabu chochote, mambo mawili lazima yawe yameandikwa. La kwanza ni maana ya tukio: hapa mgonjwa anahesabiwa kuwa na flebitisi ikiwa kabla ya kanula kutolewa ameonyesha angalau dalili mbili kati ya maumivu, wekundu, uvimbe, joto la ngozi, na mshipa kuwa mgumu kama kamba. Bila kigezo kama hicho, muuguzi mmoja atamhesabu mgonjwa mwenye wekundu kidogo na mwingine atamwacha, na hakuna jaribio litakaloweza kurekebisha kasoro hiyo baadaye. La pili ni kitu kinachohesabiwa. Tunahesabu wagonjwa, wala si kanula, na kwa kila mgonjwa tunachukua kanula ya kwanza tu. Jaribio la kai-mraba linadai kwamba kila hesabu isimame peke yake. Mgonjwa aliyewekewa kanula tatu akiingizwa mara tatu, mishipa yake dhaifu itakuwa imepiga kura tatu, na thamani ya p itakuwa ndogo kuliko inavyostahili.

Baada ya ufuatiliaji, matokeo yalikuwa haya:

| | Flebitisi ipo | Flebitisi haipo | Jumla |
|---|---|---|---|
| Wodi A (gozi na plasta) | 27 | 63 | 90 |
| Wodi B (bandeji angavu) | 9 | 51 | 60 |
| Jumla | 36 | 114 | 150 |

Makundi yamewekwa kwenye safu mlalo na tukio kwenye safu wima. Jaribio lenyewe halijali mpangilio huu, kwani jedwali likigeuzwa jibu linabaki lile lile, lakini asilimia hubadilika maana kabisa. Asilimia tunazozihitaji ni za ndani ya kila wodi: 27 kati ya 90 ni asilimia 30, na 9 kati ya 60 ni asilimia 15. Anayesoma kwa kufuata safu wima ataandika kwamba asilimia 75 ya flebitisi zote zilitoka wodi A. Ni kweli, ila sehemu kubwa ya wingi huo inatokana na wodi A kuwa na wagonjwa wengi zaidi.

Hatua ya kwanza: andika nadharia tete na uchague njia kabla ya kuona majibu

Nadharia tete ya kutokuwepo kwa tofauti inasema kwamba kupata flebitisi hakuhusiani na wodi aliyolazwa mgonjwa. Nadharia tete mbadala inasema kwamba uhusiano upo, bila kutaja ni wodi ipi iliyo na hali mbaya zaidi. Kiwango cha kukubali kosa kinawekwa kuwa 0.05, kama ilivyo kawaida.

Katika hatua hii hii, pendekezo la utafiti liseme kwa maandishi ni aina gani ya kai-mraba itakayotumika. Kwa mfano wetu tunaandika: kai-mraba ya Pearson bila marekebisho, ikiwa idadi tarajiwa katika kila kisanduku ni 5 au zaidi, la sivyo, jaribio la Fisher. Sentensi hiyo moja ndiyo itakayotuokoa tutakapofika kwenye matokeo ya kompyuta, na sababu yake itaonekana huko.

Hatua ya pili: tafuta idadi tarajiwa

Idadi tarajiwa ni idadi ambayo tungeiona katika kila kisanduku kama wodi mbili zingekuwa na kiwango kimoja cha flebitisi. Kwa wagonjwa wote pamoja, waliopata flebitisi ni 36 kati ya 150, yaani asilimia 24. Ikiwa wodi haina uhusiano wowote na flebitisi, basi asilimia 24 ya wagonjwa wa wodi A wangeipata, ambao ni 90 × 0.24 = 21.6, na asilimia 24 ya wagonjwa wa wodi B, ambao ni 60 × 0.24 = 14.4. Waliobaki katika kila wodi ni wale wasio na flebitisi: 68.4 kwa wodi A na 45.6 kwa wodi B.

Vitabu vingi huandika kanuni hiyo hiyo hivi: jumla ya safu mlalo mara jumla ya safu wima, gawanya kwa jumla kuu. Kwa kisanduku cha kwanza, 90 × 36 ÷ 150 = 21.6. Ni vyema kuielewa kwa njia ya asilimia kwanza, kwa sababu hapo inaonekana wazi kwamba idadi tarajiwa ni picha ya hali ambayo nadharia tete ya kutokuwepo kwa tofauti ingekuwa kweli. Desimali zisikutie wasiwasi. Hakuna sehemu ya sita ya kumi ya mgonjwa, lakini huu ni wastani, na wastani hauzungushwi kuwa namba kamili kabla ya hesabu kuisha.

Sasa toa idadi tarajiwa kutoka kwenye idadi halisi katika kila kisanduku. 27 − 21.6 ni 5.4; 63 − 68.4 ni −5.4, 9 − 14.4 ni −5.4, na 51 − 45.6 ni 5.4. Katika jedwali la visanduku vinne tofauti hizi huwa na ukubwa mmoja siku zote. Ukipata ukubwa usiolingana, kuna kosa la hesabu mahali fulani, na ni afadhali ulitafute sasa hivi. Ulinganifu huo pia unaeleza kwa nini jedwali hili lina digrii moja tu ya uhuru: jumla za pembeni zikishajulikana, kisanduku kimoja kikijazwa vile vingine vitatu vinajijaza vyenyewe.

Hatua ya tatu: kokotoa kai-mraba

Kwa kila kisanduku, zidisha tofauti kwa yenyewe, kisha gawanya kwa idadi tarajiwa ya kisanduku hicho. Tofauti yetu ni 5.4, na 5.4 × 5.4 = 29.16.

| Kisanduku | Hesabu | Mchango |
|---|---|---|
| Wodi A, ipo | 29.16 ÷ 21.6 | 1.350 |
| Wodi A, haipo | 29.16 ÷ 68.4 | 0.426 |
| Wodi B, ipo | 29.16 ÷ 14.4 | 2.025 |
| Wodi B, haipo | 29.16 ÷ 45.6 | 0.639 |
| Jumla | | 4.441 |

Kugawanya kwa idadi tarajiwa kuna maana yake. Kupungukiwa wagonjwa 5.4 pale ulipotarajia 14.4 ni jambo zito kuliko kupungukiwa 5.4 pale ulipotarajia 68.4, na ndiyo maana kisanduku cha wodi B chenye flebitisi kimechangia karibu nusu ya jumla nzima.

Kwa digrii moja ya uhuru na kiwango cha 0.05, mpaka wa kulinganisha ni 3.841. Kai-mraba yetu ya 4.441 imeuvuka, kwa hiyo tunaikataa nadharia tete ya kutokuwepo kwa tofauti. Anayefanya kazi kwa jedwali la mwishoni mwa kitabu angeweza kuishia hapa na kuandika p < 0.05. Anayetumia programu atapata thamani kamili ya p, na pamoja nayo atapata mengine mengi asiyoyaomba.

Hatua ya nne: ingiza takwimu kwenye programu

Katika SPSS, kama una faili yenye mstari mmoja kwa kila mgonjwa, fungua `Analyze`, kisha `Descriptive Statistics`, kisha `Crosstabs`. Weka wodi kwenye `Row(s)` na flebitisi kwenye `Column(s)`. Bonyeza `Statistics` uchague `Chi-square` na `Phi and Cramer's V`; bonyeza `Cells` uchague `Observed`, `Expected`, na asilimia za `Row`.

Kama una jedwali la jumla tu, kama hili letu, ingiza mistari minne yenye safu ya idadi, halafu uiambie programu kwamba safu hiyo ni uzito. Kwa maandishi inakuwa hivi:

```
DATA LIST FREE / wodi flebitisi idadi.
BEGIN DATA
1 1 27
1 2 63
2 1 9
2 2 51
END DATA.
WEIGHT BY idadi.
CROSSTABS /TABLES=wodi BY flebitisi
  /STATISTICS=CHISQ PHI
  /CELLS=COUNT EXPECTED ROW.
```

Mstari wa `WEIGHT BY` ndio unaosahauliwa zaidi. Ukiuacha, programu itadhani una wagonjwa wanne, mmoja katika kila kisanduku, na itatoa kai-mraba ya sifuri. Asiyetazama jumla ya wagonjwa anaweza kuandika kwa uhakika kamili kwamba wodi zake hazitofautiani hata kidogo.

Katika R mistari miwili inatosha, ila kumbuka kwamba amri ya `matrix` hujaza safu wima moja hadi iishe ndipo iende ya pili:

```
j <- matrix(c(27, 9, 63, 51), nrow = 2)
chisq.test(j, correct = FALSE)
```

Hatua ya tano: kusoma matokeo

Sehemu ya matokeo ya SPSS inayotuhusu inaonekana kama ifuatavyo. Mstari wa Fisher, ambao kwa kawaida hukaa kabla ya ule wa `Linear-by-Linear`, nimeuacha kwa sababu idadi zetu haziuhitaji.

```
                              Value   df  Asymptotic Significance (2-sided)
Pearson Chi-Square            4.441    1  .035
Continuity Correction         3.656    1  .056
Likelihood Ratio              4.643    1  .031
Linear-by-Linear Association  4.411    1  .036
N of Valid Cases                150

0 cells (0.0%) have expected count less than 5.
The minimum expected count is 14.40.
```

Nashauri jedwali hili lisomwe kuanzia chini kwenda juu. Mstari wa `N of Valid Cases` unasema wagonjwa ni 150, sawa na tulionao. Kama ungesema 4, tungejua uzito umesahauliwa, na kama ungesema 143, tungejua kwamba wagonjwa saba wana taarifa pungufu na wameachwa bila sisi kuambiwa. Kisha soma maelezo ya chini: hakuna kisanduku chenye idadi tarajiwa iliyo chini ya 5, na ndogo kuliko zote ni 14.40, ile ile tuliyoipata kwa mkono. Sharti linahusu idadi tarajiwa. Kisanduku chenye idadi halisi ya 3 si tatizo ikiwa kilitarajiwa kuwa na 9, ingawa wanafunzi wengi hutazama idadi halisi na kubadili jaribio bila sababu.

Masharti yakishatimia, ndipo panda kwenye thamani za p. Hapa kuna mvutano: mstari wa Pearson unatoa 0.035, chini ya mpaka wa 0.05, na mstari wa `Continuity Correction` unatoa 0.056, juu ya mpaka huo huo. Takwimu ni zile zile na swali ni lile lile, lakini uamuzi ungebadilika.

Chanzo cha tofauti ni hiki. Mchoro wa kai-mraba unaotumika kupata thamani ya p ni mstari usiokatika, ilhali wagonjwa huhesabiwa mmoja mmoja kwa namba kamili. Kulinganisha vitu hivyo viwili huleta kosa dogo, ambalo huonekana zaidi pale wagonjwa wanapokuwa wachache. Frank Yates alipendekeza mwaka 1934 kwamba kila tofauti ipunguzwe kwa 0.5 kabla ya kuzidishwa kwa yenyewe. Katika mfano wetu 5.4 inakuwa 4.9, na 4.9 × 4.9 = 24.01, ukigawanya 24.01 kwa kila idadi tarajiwa na kujumlisha, unapata 3.656. Kwa hiyo mstari wa pili wa jedwali ni hesabu yetu ile ile iliyopunguziwa nusu mgonjwa katika kila kisanduku.

Marekebisho hayo yanazuia kutangaza tofauti isiyokuwepo, lakini kwa kawaida huvuka kiasi na kuificha hata tofauti iliyopo. Pale idadi tarajiwa zinapokuwa za kutosha, kama hapa ambapo ndogo kabisa ni 14.4, naona hakuna sababu ya kuyatumia, na ndiyo maana hatua ya kwanza ilitaja kai-mraba ya Pearson bila marekebisho. Wapo wasimamizi wanaoyapendelea, na msimamo huo nao unaweza kutetewa. Kisichoweza kutetewa ni kusubiri mistari yote miwili itokee, kisha kuchukua ule unaopendeza.

Jambo hili huwakumba hasa wanaotumia R, kwa sababu amri ya `chisq.test` kwa jedwali la visanduku vinne hufanya marekebisho ya Yates yenyewe usipoikataza. Ukiiandika bila `correct = FALSE`, utapata majibu haya:

```
Pearson's Chi-squared test with Yates' continuity correction

data:  j
X-squared = 3.6565, df = 1, p-value = 0.05585
```

Wanafunzi wawili wenye takwimu moja, mmoja akisoma mstari wa kwanza wa SPSS na mwingine akitumia R kama ilivyo, watabishana bila kujua kwamba wamefanya majaribio mawili. Tazama kichwa cha matokeo: jina la Yates likiwemo, marekebisho yamefanyika.

Mistari iliyobaki haihitaji muda mrefu. `Likelihood Ratio` ni njia nyingine ya kupima uhusiano huo huo na kwa kawaida hutoa jibu la karibu. `Linear-by-Linear Association` ina maana pale makundi yanapokuwa na mpangilio wa ngazi, kama vile umri uliogawanywa katika madaraja. Kwa wodi mbili haituongezei kitu.

Maana ya 0.035 ielezwe kwa uangalifu. Inasema kwamba, kama kweli wodi isingekuwa na uhusiano wowote na flebitisi, kai-mraba ya 4.441 au kubwa zaidi ingetokea kwa bahati takriban mara 35 katika kila utafiti 1,000 wa aina hii. Haisemi kwamba kuna uwezekano wa asilimia 3.5 kwamba nadharia tete ya kutokuwepo kwa tofauti ni kweli, wala haisemi kwamba bandeji angavu inafaa kwa asilimia 96.5. Pia 0.035 na 0.056 ni namba zilizokaribiana mno. Zote mbili zinaonyesha ushahidi wa wastani, na mwandishi mwangalifu hataandika kana kwamba moja inathibitisha na nyingine inakanusha. Na endapo siku nyingine programu itaonyesha `.000`, usiandike p = 0.000, kwani uwezekano huo haufiki sifuri. Andika p < 0.001.

Hatua ya sita: onyesha ukubwa wa tofauti

Thamani ya p haielezi tofauti ni kubwa kiasi gani. Zidisha kila kisanduku cha jedwali letu kwa 10: asilimia zinabaki 30 na 15, lakini kai-mraba inapanda hadi 44.41 na thamani ya p inashuka chini kabisa ya 0.001. Kilichoongezeka ni wagonjwa tu. Kwa sababu hiyo ripoti lazima itaje asilimia zenyewe.

Tofauti ni 30 toa 15, yaani pointi 15 za asilimia. Kosa sanifu la tofauti hiyo linapatikana hivi: 0.30 × 0.70 ÷ 90 ni 0.00233, 0.15 × 0.85 ÷ 60 ni 0.00213, jumla yake ni 0.00446, na kipeuo chake cha pili ni 0.067. Zidisha kwa 1.96 upate 0.131. Wigo wa uhakika wa asilimia 95 kwa hiyo unaanzia karibu pointi 1.9 na kuishia karibu 28.1. Wigo huu unamwambia msimamizi wa wodi mengi kuliko thamani ya p: takwimu hizi zinapatana na tofauti ndogo isiyostahili gharama ya kubadili bandeji, na zinapatana vilevile na tofauti kubwa sana. Kipimo cha `Phi` katika matokeo ya SPSS ni 0.172, ambacho ni kipeuo cha pili cha 4.441 ÷ 150, na kwa kawaida husomwa kama uhusiano dhaifu. Kwa muuguzi, hata hivyo, asilimia za wagonjwa zinaeleweka upesi zaidi kuliko kipimo hicho.

Hatua ya saba: andika matokeo

Aya ya matokeo inaweza kuandikwa hivi:

> Flebitisi ilionekana kwa wagonjwa 27 kati ya 90 (asilimia 30.0) katika wodi A na kwa wagonjwa 9 kati ya 60 (asilimia 15.0) katika wodi B. Tofauti ilikuwa pointi 15.0 za asilimia (wigo wa uhakika wa asilimia 95: 1.9 hadi 28.1). Kai-mraba ya Pearson bila marekebisho, iliyochaguliwa kabla ya uchambuzi, ilionyesha uhusiano kati ya wodi na flebitisi, χ²(1, N = 150) = 4.44, p = 0.035.

Zingatia kwamba sentensi ya mwisho inataja wodi, haitaji bandeji. Wagonjwa hawakugawanywa kwa bahati nasibu. Walilazwa katika wodi hizo kwa sababu za ugonjwa wao. Huenda wodi A inatumia zaidi dawa zinazochoma mishipa, au kanula zake hukaa siku nyingi zaidi. Kai-mraba haina njia ya kutenganisha mambo hayo, na sehemu ya mjadala ndiyo mahali pa kuyaeleza.

Dalili za kwamba kitu kimekwenda vibaya

Kosa linalojitokeza mara nyingi ni kuingiza asilimia badala ya idadi. Mwanafunzi akiandika 30, 70, 15 na 85, kompyuta itadhani ana wagonjwa 100 katika kila wodi na itatoa kai-mraba ya 6.45 pamoja na p ya 0.011. Hakuna onyo lolote litakalotokea. Dalili pekee ni jumla ya wagonjwa, ambayo sasa inasomeka 200 badala ya 150.

Kosa la pili ni kutumia jaribio hili kwa wagonjwa wale wale waliopimwa mara mbili, kwa mfano kabla na baada ya mafunzo ya usafi wa mikono. Hapo makundi hayako huru, na jaribio linalofaa ni la McNemar. Njia rahisi ya kulitambua kosa hilo ni kuhesabu watu: ikiwa jumla kuu ya jedwali ni mara mbili ya idadi ya washiriki wako, jedwali limejengwa vibaya.

La tatu linahusu idadi tarajiwa ndogo. Tuseme mwanafunzi huyo huyo angechambua takwimu zake mapema, akiwa na wagonjwa 15 wa wodi A, watano kati yao wakiwa na flebitisi, na wagonjwa 10 wa wodi B, mmoja wao akiwa nayo. Kiwango cha jumla bado ni asilimia 24, lakini idadi tarajiwa za flebitisi sasa ni 3.6 na 2.4, na SPSS itaandika chini ya jedwali kwamba `2 cells (50.0%) have expected count less than 5`. Kai-mraba ya Pearson ingetoa 1.79 na p ya 0.181. Jaribio la Fisher, ambalo halitegemei mchoro wa kai-mraba bali linahesabu moja kwa moja uwezekano wa kila jedwali lenye jumla hizo za pembeni, linatoa p ya 0.345. Katika hali hiyo tunaripoti ya Fisher, kama tulivyoandika katika hatua ya kwanza, na tunasema wazi kwamba wagonjwa 25 ni wachache mno kuweza kuamua kama asilimia 33 na asilimia 10 zinatofautiana kweli.